Zumu ya "100x": unalipia lenzi au unalipia mkasi?



Ukipita kwenye maduka ya simu mjini Nairobi utaona mabango yenye tarakimu kubwa: 10x, 30x, 100x. Muuzaji atakuelekezea simu kwenye jengo lililo mbali, avute mpaka madirisha yaonekane, kisha akutazame kama mtu aliyemaliza kazi. Nawe utatoa pesa, au utaanza kulipa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Swali langu leo ni moja tu: katika ile tarakimu, sehemu gani ni kioo na sehemu gani ni programu? Kioo kinagharimu pesa na kinastahili kulipiwa. Programu ya kukata picha unayo tayari, hata kwenye simu ya bei nafuu.

Tuanze na hiyo programu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Zumu ya dijitali, ukiivua nguo za matangazo, ni mistari hii michache ya Python:

```python
from PIL import Image

p = Image.open("picha.jpg")
w, h = p.size
k = 5
kati = p.crop((w*(k-1)//(2*k), h*(k-1)//(2*k),
               w*(k+1)//(2*k), h*(k+1)//(2*k)))
kati.resize((w, h), Image.LANCZOS).save("zumu5.jpg")
```

Tunachukua picha, tunakata kipande cha katikati kilicho na sehemu moja ya tano ya upana na moja ya tano ya urefu, halafu tunakitanua kijaze ukubwa wa mwanzo. Angalia kilichotokea. Ukikata moja ya tano kwa moja ya tano, umebakiwa na moja ya ishirini na tano ya pikseli. Picha ya megapikseli 12 imebaki na chini ya nusu megapikseli. Zile pikseli nyingine zilizojaza picha mpya hazikutoka kwa simba wala kwa mchezaji uliyempiga picha. Zimekokotolewa kutoka kwa majirani zao.

Zumu ya optiki ni kitu kingine kabisa. Hapa lenzi yenyewe ndiyo inayochukua eneo dogo la mandhari na kulitandaza juu ya kihisi kizima. Kila pikseli inapokea mwanga wake yenyewe kutoka sehemu yake yenyewe. Hakuna kukisia. Kwenye simu nyingi lenzi hiyo haisogei ndani na nje kama zile za kamera za zamani. Ni kamera ya pili au ya tatu iliyowekwa pembeni ya ile kuu, yenye umbali wake maalumu, tuseme mara 3 au mara 5. Hiyo ndiyo tunayoiita telefoto. Kati ya lenzi moja na nyingine, simu inakata tu.

Haya, tufanye hesabu ya kweli. Nimechagua Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa sababu kule huwezi kushuka kwenye gari umsogelee simba, na pia hairuhusiwi kuiacha barabara ukaendesha gari kwenye nyasi. Miguu yako haikusaidii. Tuseme simba dume amelala ubavu mita 100 kutoka barabarani, na mwili wake bila mkia tuuchukulie kuwa mita 2. Simu tunayotumia ni iPhone 15 Pro Max ya mwaka 2023, kwa kuwa vipimo vyake vinafahamika: kamera kuu ina mtazamo wa milimita 24, na telefoto yake ina milimita 120, yaani mara 5.

Kamera kuu, kwa umbali wa mita 100, inaona eneo lenye upana wa takriban mita 144. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,032 kwa upana. Gawanya: kila mita inapata pikseli 28. Simba wetu wa mita 2 anapata pikseli 56. Hamsini na sita! Picha ndogo za programu kwenye skrini ya simu yako zina pikseli nyingi kuliko hizo. Ukivuta mara 5 kwa dijitali simba ataonekana mkubwa, lakini bado ametengenezwa kwa pikseli 56. Manyoya yake yatakuwa kama uji.

Sasa badili utumie telefoto. Mtazamo unapungua hadi upana wa karibu mita 29. Pikseli ni zilezile 4,032, lakini sasa kila mita inapata 140, na simba anapata 280. Hizi ni pikseli halisi, mara 5 kwa urefu wa mwili wake. Utamtambua kuwa ni dume, utaona kichwa kimeelekea wapi. Huo ndio ubora unaolipia.

Hapa msomaji makini ataniuliza: lakini kamera kuu ya simu hiyo ina megapikseli 48, mbona umehesabu 12? Swali zuri, na ndilo linalobadilisha mambo siku hizi. Ukitumia pikseli zote 48, upana unakuwa 8,064, na simba anapata 112. Hizo ni mara mbili ya zile 56, bila kuongeza lenzi yoyote. Ndiyo maana iPhone 15 ya kawaida, isiyo na telefoto, ina kitufe cha 2x: simu inachukua megapikseli 12 za katikati ya kihisi cha 48 na kukupa picha isiyohitaji kutanuliwa. Ni kukata, ndiyo, lakini unakata kitambaa kilichokuwa kikubwa tangu mwanzo.

Kuna mbinu nyingine inayostahili heshima. Mwaka 2018 Google walitoa Pixel 3, iliyokuwa na kamera moja tu nyuma. Simu ile ilipiga picha kadhaa kwa mfululizo na kutumia ule mtetemo mdogo wa mkono wako. Kila picha ilikuwa imesogea kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo kihisi kilipata kuona katikati ya pikseli, kisha programu ikaziunganisha. Maelezo yaliyopatikana ni ya kweli, yametoka kwenye mandhari. Kwa hiyo sitasema kwamba kila zumu ya dijitali ni uongo. Lakini mbinu hii ina mpaka: lenzi isipoweza kutenganisha nywele mbili, kutetemesha mkono hakutazitenganisha. Inakufikisha karibu na mara 2, na baada ya hapo faida inapungua haraka.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni hii: hadi mara 2, usilipe hata shilingi moja ya ziada kwa ajili ya telefoto. Kamera kuu nzuri inatosha. Hii inahusu pia picha za sura. Watu husema telefoto inahitajika ili pua isionekane kubwa. Ukubwa wa pua unatokana na umbali uliosimama, wala si lenzi. Rudi nyuma hatua mbili, tumia 2x ya kukata, na uso wa shangazi yako utatulia vilevile.

Kanuni ya pili inahusu mara 3 hadi mara 10, na hapo ndipo kioo kinapolipa. Lakini usisome namba ya "x" peke yake. Samsung wametupa mfano mzuri. Galaxy S23 Ultra ya mwaka 2023 ilikuwa na telefoto ya mara 10 yenye megapikseli 10. Mwaka uliofuata, S24 Ultra ikaiondoa na kuweka ya mara 5 yenye megapikseli 50. Watu wengi walilalamika kwamba wameibiwa nusu ya zumu. Tuhesabu basi. Ukivuta kutoka mara 5 hadi mara 10 kwa kukata, unabaki na nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani robo. Robo ya 50 ni 12.5. Megapikseli 12.5 dhidi ya 10! Isitoshe, tundu la lenzi mpya ni f/3.4 na la zamani f/4.9, ambayo ina maana kwamba kila eneo la kihisi linapata mwanga karibu maradufu.

Je, mpya ni bora moja kwa moja? Hapana, na hapa ndipo matangazo yanaponyamaza. Kwenye vihisi vya aina hii pikseli nne jirani huwa chini ya rangi moja, kwa hiyo zile 50 si 50 kamili inapofika kwenye rangi na maelezo madogo. Tena kila pikseli ni ndogo zaidi, na pikseli ndogo hukusanya mwanga kidogo. Mchana wa jua, hesabu inakaribia kutimia. Jioni, inayumba. Lakini jambo la msingi linabaki: telefoto ya mara 5 yenye pikseli nyingi na tundu pana inaweza kushindana na ya mara 10 yenye pikseli chache. Na katika simu hizo zote mbili, ile "100x" ni mkasi tu. Kutoka mara 10 hadi mara 100 unabaki na sehemu moja ya mia ya pikseli. Kwa telefoto ya megapikseli 10 hiyo ni laki moja, yaani chini ya picha za simu za mwanzo kabisa zilizokuwa na kamera.

Sasa nifikie jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Unaweza kununua simu yenye telefoto na bado usiitumie. Kioo kile kidogo hakipati mwanga wa kutosha jioni au ndani ya ukumbi, na programu ya kamera inajua hivyo. Mwanga ukipungua, simu nyingi zinaacha telefoto kimyakimya na kukata kutoka kamera kuu, huku skrini ikiendelea kuandika 5x. Hufanya hivyo pia ukisogea karibu sana na kitu, kwa kuwa telefoto nyingi haziwezi kulenga vitu vya karibu. Wahandisi hawana nia mbaya. Mara nyingi picha ya kukata huwa safi zaidi kuliko ya telefoto iliyojaa chembechembe. Lakini ulilipia kitu, na una haki ya kujua kama kinafanya kazi.

Namna ya kujua ni rahisi. Vuta mpaka namba ya telefoto, kisha ziba kamera KUU kwa kidole. Skrini ikiwa giza, basi ulikuwa unatumia kamera kuu. Picha ikibaki, ni telefoto. Usifanye kinyume, yaani kuziba telefoto, kwa sababu simu ikiona giza kwenye telefoto inaweza kudhani usiku umeingia ikahamia kamera kuu, nawe utapata jibu la uongo. Fanya jaribio hili dukani chini ya taa, kisha toka nje ulirudie juani. Muuzaji akikataa kukupa simu dakika mbili, hilo nalo ni jibu.

Kama unapenda kompyuta kama mimi, piga picha moja kwa 1x na nyingine kwa zumu, kisha soma taarifa zilizofichwa ndani ya faili:

```
exiftool -FocalLength -FNumber -DigitalZoomRatio picha.jpg
```

`FocalLength` ikiwa sawa kwenye picha zote mbili, lenzi ni ileile na umepewa mkasi. Ikiwa ndefu zaidi kwenye ile ya zumu, telefoto imefanya kazi. Usidanganywe na `FocalLengthIn35mmFormat`. Hiyo huongezeka hata simu ikikata tu.

Turudi kwa simba, kwa sababu bado ana pikseli 280 tu, na shemeji yangu anayependa kwenda mbugani aliniuliza swali la maana. "Shem, sasa nikitaka picha ya kutundika ukutani, ninunue simu gani?" Nilimjibu, "Shem, hakuna simu ya hiyo kazi. Nunua lenzi."

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua kamera kama Canon EOS 750D ya mwaka 2015, yenye megapikseli 24, uifunge lenzi ya EF-S 55-250mm. Vitu hivi vyote hupatikana vikiwa vimetumika. Kihisi kina upana wa milimita 22.3. Kwenye milimita 250, kwa mita 100, unaona upana wa takriban mita 9. Pikseli 6,000 kwa mita 9 ni zaidi ya 660 kwa kila mita. Simba anapata takriban 1,340. Linganisha na 280 za telefoto ya simu, na 56 za kamera kuu.

Na si pikseli tu. Kwenye milimita 250 lenzi hiyo iko f/5.6, maana yake tundu lake lina upana wa karibu milimita 45. Tundu la telefoto ya ile simu lina upana wa milimita 5 na nusu hivi. Kwa eneo, ni zaidi ya mara 60. Kuliko mchana, simba hutembea zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba. Kwa hiyo saa ileile unayoihitaji telefoto ndiyo saa telefoto ya simu inapokuacha, na kioo kikubwa kinaendelea kula mwanga. Hakuna programu inayoweza kuukusanya mwanga ambao haukuingia.

Lakini lenzi ndefu nayo ina masharti yake, msije mkanilaumu. La kwanza ni mtetemo. Kila unapovuta mara 5, mtikisiko wa mkono nao unakuzwa mara 5. Zima injini ya gari, weka lenzi juu ya mfuko wa mchanga au sweta iliyokunjwa dirishani, na tumia kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde au zaidi. Lenzi niliyoitaja ina kitulizo chake cha mtetemo, ila hicho hakimzuii simba kugeuza kichwa.

La pili ni hewa yenyewe. Saa saba mchana, ardhi ya uwandani imechemka na hewa juu yake inacheza kama ile ya juu ya jiko la makaa. Kupitia lenzi ndefu, simba wa mita 100 atakuwa na kingo zinazotambaa, na hata lenzi ya mamilioni haitamrekebisha. Ukiona picha yako haina ncha kali, tazama umbo la ukungu wake. Ukivutika upande mmoja kama mistari, mkono ulitikisika. Kingo zikiwa na mawimbi yasiyolingana, na kila picha ina mawimbi tofauti, ni joto: njoo asubuhi. Na kama picha yote ina ulaini sawasawa kama rangi ya maji, na nyasi zimegeuka kuwa michirizi ya brashi, basi hiyo ni zumu ya dijitali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama picha zako ni za watoto, chakula, mikutano na harusi ambako unaweza kusogea, nunua simu yenye kamera kuu nzuri na utumie miguu yako. Kama mara nyingi uko mahali miguu haifiki lakini mwanga upo, kwa mfano jukwaani Kasarani mchana au kwenye mahafali ya chuo ambako wazazi wamewekwa nyuma ya kamba, telefoto ya mara 3 hadi 5 kwenye simu inastahili bei yake, mradi umeijaribu kwa kidole. Na kama unawinda wanyama na ndege kwa picha zaidi ya mara chache kwa mwaka, ile tofauti ya bei kati ya simu ya kawaida na ile ya juu kabisa iweke kwenye kamera iliyotumika na lenzi ya milimita 250 au 300. Kioo hakizeeki haraka kama simu.

Ile "100x" waachie wenye mabango.

Mwenye simu yenye telefoto afanye jaribio la kidole leo usiku chini ya taa ya sebuleni, kisha aniandikie kwenye maoni hapo chini ameona nini. Tuonane wakati ujao.